Ombi la kubadilishiwa komeo na bawaba za dirisha kabla ya mvua za vuli

Fleti Na. 6, Ghorofa ya Pili,
Kirumba,
MWANZA.

25 Agosti 2025

Msimamizi wa Jengo,
Ofisi ya Chini,
Kirumba,
MWANZA.

Ndugu Msimamizi,

YAH: KUBADILISHWA KWA KOMEO NA BAWABA ZA DIRISHA LA CHUMBA CHA WATOTO, FLETI NA. 6

Tafadhali husika na kichwa cha habari hapo juu.

Mimi ni mpangaji wako wa fleti namba 6 tangu Februari 2022. Ninaandika kuhusu dirisha la chumba cha watoto, lile linalotazama ziwani, ambalo komeo lake limekatika na bawaba zake mbili zimeliwa na kutu kiasi kwamba bawa la kulia halifungi tena. Tulizungumza kwa simu mwezi Juni, na tarehe 11 Agosti nilimweleza mlinzi akufikishie taarifa. Sasa naona ni vema jambo hili liwe kwenye maandishi, kwa kuwa vuli ya huku kwetu haingoji Oktoba kila mwaka, na Septemba imeshakaribia.

Hali ilivyo ni hii. Bawaba ya juu imepasuka kwenye pini, na ya chini imevimba kwa kutu hadi imeganda, hivyo uzito wote wa fremu na kioo unaning'inia upande mmoja wa juu ambao nao umechoka. Kwa sababu hiyo bawa limeshuka, linasugua kizingiti, na hata ukilivuta kwa nguvu hubaki mwanya unaopitisha kidole. Komeo lilianza kuwa gumu mwezi Mei. Tarehe 9 Agosti ulimi wake ulikatika mkononi mwangu nilipokuwa nafunga jioni. Tangu siku hiyo tunalifunga bawa hilo kwa waya kwenye nondo za dirisha. Picha tatu nilizoambatanisha zinaonyesha bawaba zote mbili, komeo lililokatika na huo waya.

Nieleze pia kilichokwisha kujaribiwa, ili fundi asije akarudia. Mwezi Juni mlinzi alipaka grisi kwenye bawaba, na zikalainika kwa muda wa juma moja hivi. Mwaka jana jengo lilipopakwa rangi, mafundi walipitisha rangi juu ya kutu bila kuikwangua, na kwa kufanya hivyo wakaziba vitundu viwili vya chini ya fremu ambavyo kazi yake ni kutoa maji. Nadhani hapo ndipo ubovu ulipopata nguvu, maana maji yaliyokuwa yakitoka yalianza kutuama ndani ya fremu, hasa kwenye bawaba ya chini. Nimewahi kuambiwa kwamba ni chumvi ya ziwa inayokula vyuma vyetu. Lakini Ziwa Viktoria ni la maji baridi, na mabawa ya dirisha la sebuleni, yanayotazama ziwa hilohilo na ambayo vitundu vyake viko wazi, ni mazima hadi leo.

Ninachokihofia zaidi kuhusu mvua ni umeme. Soketi ya chumba hicho ipo chini ya dirisha, karibu nusu mita kutoka kwenye kizingiti, na vuli iliyopita, wakati komeo lilikuwa bado linashika, maji yalipenya na kuacha alama ukutani hadi usawa wa soketi hiyo. Sasa hakuna kinachoshika. Wewe ni mwenyeji wa Mwanza, huna haja ya kuelezwa jinsi dhoruba inavyotoka ziwani usiku wa manane au alfajiri, upepo ukitangulia na mvua ikija ya ubavu; waya wangu hautahimili. Watoto wanalala katika chumba hicho, nami nimeshaizima soketi na kuifunika kwa plasta, jambo ambalo si suluhisho.

Hofu ya pili ni ya walio chini. Bawa hilo hufunguka kwa nje, na chini yake ndipo ilipo njia ya wapangaji wote na ndipo mama anayeuza chapati huweka jiko lake kila asubuhi. Bawaba ya juu ikikatika, fremu na kioo vitaanguka kutoka ghorofa ya pili. Nimemwomba ahamie upande wa geti kwa sasa, naye amekubali kwa shingo upande kwa kuwa huko wateja ni wachache.

Kwa hiyo ninaomba bawaba zote mbili zibadilishwe pamoja na komeo, si kulainishwa wala kupakwa rangi upya. Kwa kuwa bawaba za fremu hii zimechomelewa, kioo kitahitaji kutolewa kabla ya kuchomelea, la sivyo joto litakipasua, na sehemu iliyochomelewa ikwanguliwe na kupakwa rangi ya kuzuia kutu kabla ya rangi ya juu. Komeo lipendelewe la shaba au chuma cha pua, na skrubu zake ziwe za madini yaleyale, kwani skrubu ya chuma cha kawaida itaoza na komeo zima litabaki bila kushikiliwa. Vitundu vya fremu vizibuliwe. Hiyo ya mwisho haina gharama, ni msumari na dakika tano, lakini ikisahaulika tutaandikiana tena baada ya miaka miwili.

Kifungu cha 9 cha mkataba wetu kinasema matengenezo ya paa, milango na madirisha ni ya mwenye nyumba, na mpangaji hulipia vioo alivyovunja mwenyewe. Ninaomba ieleweke mapema kwamba kioo kikivunjika kwa sababu ya bawaba hizi, hakitahesabiwa kuwa ni changu. Fundi wa kuchomelea wa Mabatini aliyekuja kuangalia tarehe 23 Agosti alikadiria shilingi 95,000, vifaa na ufundi pamoja. Karatasi yake nimeiambatanisha, ingawa huna wajibu wa kumtumia yeye iwapo una fundi wako.

Ninaomba kazi ifanyike kabla ya tarehe 15 Septemba. Nipo nyumbani Jumamosi kutwa nzima, na siku za kazi kuanzia saa kumi jioni; kwa siku nyingine ninaweza kumwachia jirani wa fleti namba 5 ufunguo, mradi nijulishwe siku moja kabla ili niwatoe watoto na kusogeza vitanda. Iwapo ratiba yako haitaruhusu kufikia tarehe hiyo, ninaomba idhini yako ya maandishi nimlipe fundi mwenyewe, na kiasi hicho kipunguzwe kwenye kodi ya Oktoba dhidi ya risiti. Sitakata chochote kwenye kodi bila idhini hiyo.

Ningeshukuru kupata jibu kufikia tarehe 1 Septemba, hata kama ni la kunitajia tu siku ambayo fundi atakuja kupima.

Naomba kuwasilisha.

Wako katika ujenzi wa Taifa,

M. Kulwa
Mpangaji, Fleti Na. 6

Viambatanisho: picha tatu za dirisha, makadirio ya fundi ya tarehe 23 Agosti 2025.