Kuhusu ombi lako la kumbukumbu za ujenzi, 2015 hadi 2023

Ndugu Mtafiti,

Salamu. Barua pepe yako ya jana nimeipata na nimeisoma yote. Unaomba mihtasari ya vikao, mikataba na hati za malipo za miaka tisa. Ombi limepokelewa na mimi ndiye ninayelishughulikia.

Niseme wazi mapema: majibu kamili hayatapatikana wiki hii, wala mwezi huu. Kumbukumbu za kuanzia 2019 zimo kwenye kompyuta, hivyo mihtasari na mikataba ya miaka hiyo utaipata Ijumaa ijayo. Za nyuma zimo kwenye majalada. Kila karatasi inabidi itolewe pini, iskaniwe, kisha irudishwe mahali pake, na wino wa baadhi ya hati umefifia kiasi kwamba huskaniwa mara mbili. Hati za malipo ndizo zitakazochelewa zaidi, kwa sababu zina namba za akaunti za benki za vibarua, nazo lazima zifutwe moja moja. Hilo siwezi kuliharakisha.

Nakadiria wiki nane kwa kazi yote. Nitakutumia kila fungu likikamilika, na kila Ijumaa nitakueleza tulipofikia, hata kama hakuna jipya.

Kama kuna mwaka au mkataba unaouhitaji kwanza kwa ajili ya utafiti wako, niambie kabla ya Jumatano nianze nao.

Wako,
Mtunza Kumbukumbu, Masjala