Pamba au dawa? Vyanzo viwili kuhusu mwanzo wa Vita vya Maji Maji

Swali la uchunguzi: Kwa nini watu wa Umatumbi, kusini mwa Tanzania ya leo, waliinuka dhidi ya Wajerumani mwishoni mwa Julai 1905?

Chanzo A ni kitabu cha Gustav Adolf von Götzen, gavana wa koloni la Wajerumani la Afrika Mashariki vita vilipoanza, kilichochapishwa mwaka 1909. Chanzo B ni masimulizi ya wazee yaliyokusanywa miaka ya 1960 na wanafunzi na walimu wa chuo kikuu, Dar es Salaam.

Götzen anawatupia lawama waganga: dawa ya maji iliwapumbaza watu wakaasi. Wazee wanaanza kwingine. Mmoja wao anaeleza jinsi shamba la pamba la mlowezi lilivyolimwa. Mbele wapo waliokamatwa kwa nguvu, wameinama na majembe. Nyuma yao msimamizi mwenye kiboko. Nyuma yake majumbe, kila mmoja nyuma ya watu wake. Na nyuma ya wote mlowezi mwenyewe. Simulizi hilo linaonyesha nani alimwogopa nani.

Hata hivyo, wazee hawaikani dawa. Wanamtaja Kinjikitile, mganga wa Ngarambe, na watu waliomfuata kuchukua maji. Kwa hiyo vyanzo hivi havibishani kama dawa ilikuwepo; vinabishana juu ya nafasi yake. Kwa A, dawa ndiyo iliyozaa uasi. Kwa B, chuki ilikuwa imekwisha kujaa, na dawa ikawapa ujasiri na umoja.

Umbali wa miaka sitini ni udhaifu wa kweli wa B. Kumbukumbu hupangika upya, na hadithi hizi zilikusanywa nchi ikiwa changa, ikitafuta mashujaa wake. Ila A, ingawa iko karibu zaidi na tukio, ina tatizo kubwa zaidi kwa swali hili. Mpango wa mashamba ya pamba ya pamoja ulianza mwaka 1902, Götzen akiwa madarakani. Akikiri kwamba pamba ndiyo iliyowachosha watu, anajishtaki mwenyewe. Mganga ni mshtakiwa rahisi kwake.

Kipo pia kipimo nje ya vyanzo vyote viwili: tendo lenyewe. Huko Nandete, katika Umatumbi, watu walianza kwa kung'oa mimea ya pamba. Na baada ya vita serikali iliuacha mpango ule. Yote mawili yanaelekea upande wa wazee.

Kwa swali hili, basi, B inafaa zaidi, hasa kuhusu kazi ya lazima. Haitoshi kutupa mfuatano wa siku wala hesabu ya watu. Lakini swali lingekuwa jinsi serikali ilivyouona uasi na kuuzima, kwa kuchoma vijiji na maghala hadi njaa ikaingia, ningeanza na A, kwa kuwa hapo Götzen anaeleza mawazo na maamuzi ya serikali yake mwenyewe.