Ombi la likizo ya kumsindikiza mke wangu kwenye matibabu ya uzazi

Salumu A. Nangomwa,
Karani wa Mizani na Leja,
Mtwara.
21 Julai 2025

SIRI

Meneja wa Ghala la Korosho,
Mtwara.

Ndugu Meneja,

YAH: OMBI LA LIKIZO YA SIKU 23 KUANZIA 11 AGOSTI 2025

Husika na kichwa cha habari hapo juu.

Naomba likizo kuanzia Jumatatu tarehe 11 Agosti hadi Jumanne tarehe 2 Septemba 2025, nirudi kazini Jumatano tarehe 3. Kati ya siku hizo 23, 18 ni zile zilizobaki kwenye likizo yangu ya mwaka baada ya kutumia 10 mwezi Machi kwenye msiba wa baba mkwe. Tano za mwisho naomba ziwe bila malipo.

Sababu ni kumsindikiza mke wangu Dar es Salaam kwa matibabu ya upandikizaji mimba. Tumeoana miaka saba na hatujajaliwa mtoto. Vipimo vya awali tulifanyia hapa hapa Mtwara, kisha tukapewa rufaa.

Najua utajiuliza kwa nini asiende na dada yake, kama wanavyofanya wengi. Mwaka jana ndivyo tulivyofanya. Nilimpandisha basi la alfajiri, nikarudi kwenye mizani. Alipofika kliniki akaambiwa fomu za ridhaa zinasainiwa na wote wawili, na kwamba mume naye anapimwa. Akarudi kilometa zaidi ya 500 bila kufanyiwa lolote. Nilipokwenda kupimwa mimi mwenyewe, mbegu zangu zilionekana ni chache. Hilo sijamwambia mtu kazini, na ninaliandika hapa kwa sababu bila hilo ombi langu halieleweki. Miaka yote hiyo lawama alizibeba yeye, kwa mawifi na kwa majirani, nami nikanyamaza nikidhani haki iko upande wangu.

Safari hii ratiba iko hivi. Mke wangu atachomwa sindano kila jioni, saa ile ile, kwa siku kama kumi hadi kumi na mbili, ili mayai kadhaa yakomae kwa pamoja. Katikati ya siku hizo anarudi kliniki kila baada ya siku mbili au tatu kwa kipimo cha ultrasaundi na damu, na dozi hubadilishwa kulingana na kinachoonekana. Dawa zenyewe zinakaa kwenye friji. Tutafikia kwa shemeji Mbagala. Friji anayo, ila sindano anaiogopa kuliko nyoka, kwa hiyo kazi ya kuchoma nimefundishwa mimi. Mayai yakikomaa anachomwa sindano ya mwisho, na saa 34 hadi 36 baadaye yanavunwa akiwa amelazwa kwa dawa ya usingizi. Siku hiyo hiyo mimi natoa mbegu, na yeye haruhusiwi kutoka kliniki bila mtu wa kumchukua. Hiyo ndiyo siku ambayo sina wa kumtuma badala yangu. Baada ya hapo mayai yakirutubika, viinitete hulelewa maabara siku tatu hadi tano, ndipo kimoja kinapandikizwa. Kwa hesabu ya daktari, uvunaji utaangukia kati ya tarehe 23 na 26 Agosti, na upandikizaji mwisho wa mwezi.

Tatizo la ratiba hii ni kwamba inaanza na siku zake za mwezi, na mwili haufuati kalenda ya ofisi. Zinaweza kuwahi au kuchelewa siku mbili tatu. Nikijua mapema kwamba tarehe zimesogea nitakupigia siku hiyo hiyo. Mambo yakiharibika katikati, maana huwa inatokea mayai yasiitikie dawa na daktari akasimamisha, nitarudi kazini mara moja na siku zilizobaki nitazirudisha.

Nimeisoma Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 kabla ya kuandika. Inatoa siku 28 za likizo ya mwaka, na inakuachia wewe mwajiri kupanga zichukuliwe lini. Zile siku nne za dharura zenye malipo zinahusu ugonjwa wa mtoto au msiba. Ugonjwa wa mke haumo, na matibabu kama haya hayatajwi kabisa. Kwa hiyo siku 18 ni zangu ila muda ni wako, na zile tano ni hisani yako tu. Sidai, naomba.

Nimechagua Agosti kwa makusudi. Daktari alitupa nafasi mbili, Agosti au Oktoba, nikakataa Oktoba hapo hapo. Minada ikishafunguliwa, malori yakapanga foleni getini na makarani wa AMCOS wakadai stakabadhi zao, najua hakuna anayetoka. Agosti ghala ni tupu. Kazi ni kupokea magunia, kupanga vichaga na kunyunyizia dawa. Kilicho kizito ni ukaguzi wa mizani na Wakala wa Vipimo. Naomba tuupeleke wiki ya kwanza ya Agosti, nikiwa bado nipo, maana ile mizani kubwa ina maringo yake na mimi ndiye niliyeizoea. Leja ya magunia nimeongea na Mfaume, amekubali kuishika, na kuanzia Jumatatu ijayo tutaandika pamoja ili asikute kigeni. Funguo za stoo ndogo nitamkabidhi Bi. Zuhura mbele yako, kwa maandishi.

Kuhusu zile siku tano bila malipo: mkopo wa Saccos tuliochukua kwa matibabu haya unaanza kukatwa Agosti. Ukiona inafaa, makato ya siku hizo yagawanywe mshahara wa Septemba na wa Oktoba. Ikishindikana nitaelewa.

Lipo jambo moja linanisumbua kuliko hata fedha. Orodha ya walio likizo hubandikwa ubaoni, na pana safu ya sababu. Naomba kwangu iandikwe "matibabu ya familia", basi. Mji wetu unaujua. Habari ikitoka Chikongola asubuhi, hadi chai ya saa nne iko Shangani imeongezwa chumvi, na mke wangu ndiye anayekutana nayo sokoni. Barua hii pia naomba ibaki kwenye faili langu ofisini kwako, isipite kwa wahudumu. Nimeambatanisha barua ya kliniki inayoonyesha tarehe, ndani ya bahasha iliyofungwa.

Kipimo cha damu cha kujua kama mimba imeshika hufanyika takriban wiki mbili baada ya upandikizaji, yaani katikati ya Septemba. Wakati huo nitakuwa nimesharudi kazini, na mke wangu atabaki Mbagala hadi majibu yatoke. Siku hiyo siombi ruhusa. Naomba tu simu yangu isiwekwe kwenye droo la getini kama tulivyozoea, nikae nayo mizani hadi apige.

Naomba majibu yako kabla ya tarehe 1 Agosti ili niweze kukata tiketi na kuthibitisha nafasi kliniki. Ukitaka kuniuliza lolote niko tayari kuja ofisini, ikiwezekana baada ya saa za kazi.

Wako mtiifu,

S. A. Nangomwa
Salumu A. Nangomwa