Bibi, juisi ya miwa ni salama?

MJUKUU: Bibi, eti juisi ya miwa ina sumu?

BIBI: Nani kakwambia?

MJUKUU: Dada. Anasema rafiki yake alikunywa juzi, usiku kucha akashinda chooni. Na mimi nilikuwa naenda kununua.

BIBI: Kaa hapa kwanza, mume wangu. Jana ulitafuna pingili ngapi za muwa?

MJUKUU: Nne.

BIBI: Makapi niliyaona. Tumbo liliuma?

MJUKUU: Wala.

BIBI: Basi muwa hauna kosa. Ule niliuosha, nikaumenya mbele yako, ukautafuna papo hapo. Juisi ina safari ndefu zaidi. Muwa umetoka shambani na udongo wake, umelazwa chini, umeshikwa na mikono mingi. Usipooshwa na kumenywa vizuri, uchafu wote huo unaingia mashineni na kukamuliwa pamoja na utamu. Na mashine yenyewe je? Umewahi kuichungulia pale rola zinapokutana?

MJUKUU: Kuna vitu vyeusi vinanata.

BIBI: Hayo ni mabaki ya jana, labda ya juzi. Vijidudu vinapenda sukari kama wewe. Juisi ikikaa kwenye joto haichukui muda, inaanza kuchacha. Hapo sijataja nzi, anayetoka chooni akatua kwenye ukingo wa jagi.

MJUKUU: Lakini mimi huwa naomba barafu nyingi. Baridi si inaua vijidudu?

BIBI: Haiui, inavilaza tu. Barafu ikitengenezwa kwa maji machafu ni maji machafu yaliyoganda, na kipindupindu na homa ya matumbo hupitia humohumo. Tena nadhani wengi wanausingizia muwa bure, kumbe kilichowaumiza ni barafu.

MJUKUU: Mbona ikikaa inageuka rangi? Ndiyo imeshaharibika?

BIBI: Si lazima. Ndizi ukiimenya ukaisahau si inakuwa ya kahawia? Ni hewa hiyo. Lakini rangi inakuonyesha kwamba muda umepita. Ukiona povu lisilotulia, au harufu ya uchachu, au juisi inavutika kama ute, mwaga. Lete kile kipande kilichoegemea ukuta, nikupasulie.

MJUKUU: Hiki? Eh, ndani kimekuwa chekundu!

BIBI: Nusa.

MJUKUU: Kama pombe.

BIBI: Umeona? Muwa ukihifadhiwa muda mrefu unaweza kuingia ukungu. Uwekundu wa namna hii na harufu hiyo, usionje hata kidogo. Kuna ukungu wa miwa unaotoa sumu inayoshambulia ubongo. Huyu sasa ndiye wa kumwogopa, kuliko hata kuhara.

MJUKUU: Tusingeweza kukata pale pekundu tukala pengine?

BIBI: Sumu haina mpaka unaouona kwa macho. Tupa chote, ukanawe mikono.

MJUKUU: Na tukichemsha juisi?

BIBI: Ikichemka sawasawa, vijidudu vya tumbo vitakufa. Sumu ya ukungu haijali moto, itabaki. Ila juisi iliyochemshwa utaikubali wewe? Utasema imekuwa chai. Shangazi yako yeye ni mjamzito, kwa hiyo ile mbichi ya barabarani aiache kabisa, na mtoto wake mchanga akizaliwa msimwonjeshe.

MJUKUU: Wewe nawe hunywi. Unaogopa?

BIBI: Mimi nina kisukari. Bilauri moja ina sukari inayozidi vijiko 6 vya chai. Kwangu hata ikikamuliwa na malaika, bado ni nyingi. Wewe kunywa siku mojamoja, kisha sukutua mdomo kwa maji, meno hayo ndiyo kwanza yameota.

MJUKUU: Kwa hiyo naweza kwenda?

BIBI: Nenda na kikombe chako. Uone muwa ukioshwa na kumenywa, uone mashine imesafishwa, akukamulie mbele yako. Ile iliyokwisha kuwa kwenye jagi usiipokee. Bila barafu. Na unywe palepale, usiniletee nusu hapa jioni.

*(Baada ya muda mtoto anarudi, kikombe kitupu.)*

BIBI: Vipi, imekuwaje?

MJUKUU: Sikununua. Nilipomwomba aoshe mashine alisema ataiosha jioni akifunga. Halafu akaniuliza mbona nanusa miwa yake.

BIBI: Ukamjibu nini?

MJUKUU: Nikamwambia bibi ndiye kanituma kunusa.

BIBI: Haya, sasa mimi nitapitaje pale? Lete kisu na ule muwa mzima uliobaki. Uoshe kwanza.