Barua kwa Baba Kulwa

Buswelu, Mwanza
Jumanne, 3 Februari 2026

Mume wangu, Baba Kulwa,

Nimeiweka barua hii ndani ya kaunta buku la mtumbwi kwa sababu najua hilo utalifungua hata kama hutafungua kitu kingine. Usishtuke. Siondoki, wala sina mtu wa kunishauri vibaya. Nimeandika kwa kuwa tukianza kuzungumza jambo hili kwa mdomo, mimi napandisha sauti, wewe unachukua koti unatoka, na watoto wanabaki wanatazamana.

Jumatano iliyopita nikiwa gengeni, nikimpimia jirani nyanya, ilipigwa simu ya namba nisiyoijua. Dada mmoja, sauti tamu kabisa, akaniuliza kama mimi ndiye mke wako. Nikasema ndiyo. Akasema una deni la shilingi 450,000, siku zimepita, na kwenye fomu umeniandika mimi kuwa mtu wako wa karibu, basi nikukumbushe. Nilijibu nitakwambia. Jirani alikuwa amesimama palepale na mfuko wake mkononi, na simu yangu unaijua, spika yake inasikika hadi ng'ambo ya barabara. Alilipa nyanya zake bila kuomba nyongeza, jambo ambalo hajawahi kulifanya tangu tufahamiane.

Sikukuambia siku ile. Nilingoja uniambie wewe. Leo ni siku ya sita.

Mimi si mgeni wa kazi yako. Najua mwezi ukiwa mkali kama wiki hii dagaa hawaifuati taa, mtumbwi unakaa ufukweni Igombe, vijana wanashona nyavu na nyumbani tunakula kwa akili. Hilo halijawahi kunigombanisha na wewe. Lakini giza la Januari lilikuwa zuri. Vijana wanaoanika dagaa walipita gengeni wanacheka, wakasema siku tatu mfululizo mlijaza hadi mkaazima ndoo. Nami jioni ileile nilikuuliza hela ya sare za Kulwa na Doto, ukaniambia ziwa limegoma, mafuta yamekula kila kitu. Nikakuamini mbele ya watoto, nikakopa kitambaa kwa fundi. Unajua kidato cha kwanza cha pacha kilivyo: sketi mbili mbili, viatu jozi mbili, madaftari marundo mawili. Doto alianza shule na viatu vya darasa la saba, vidole vikimbana. Hakulalamika. Ni mtoto wako huyo, anameza.

Sasa nikuulize, ulinificha kwa nini? Matumizi hayaniumi kama uongo ule. Ungesema, "Mama Kulwa, hela ipo lakini ina kazi, nivumilie," ningenuna siku mbili, halafu yangekwisha.

Kuna na hili la simu. Miaka yote namba yako ya siri ilikuwa 2012, mwaka waliozaliwa pacha. Nilikuwa natoa hela kwa wakala umelala, nakuamsha nikupe chenji, unasema kaa nayo. Tangu Novemba namba imebadilika, na simu unaingia nayo hadi bafuni. Sitaki kuipekua. Ila mtu akifunga mlango uliokuwa wazi miaka 13, aliye nje lazima ajiulize ndani kuna nini. Nimejiuliza yote, hata lile ambalo wanawake wengi hulifikiria kwanza. Na pia nimefikiria Sengerema. Zamani foleni ya kivuko ilikufanya uende kumwona mama kwa nadra, lakini tangu daraja la Kigongo-Busisi lifunguliwe Juni mwaka jana, unakwenda asubuhi na kurudi jioni, wakati mwingine mara mbili kwa mwezi. Kama unamjengea mama nyumba, Baba Kulwa, hilo nalo ni la kunificha? Yule mama ndiye aliyenikanda maji ya moto siku 40 nilipojifungua pacha. Ningepeleka hata mabati kichwani.

Jambo la mwisho ndilo linaloninyima usingizi. Juzi nilifungua lile sanduku la bati kutafuta vyeti vya kuzaliwa vya watoto. Vyeti vipo. Mkataba wa kiwanja haupo, ule tulioutia sahihi sote wawili pale serikali ya mtaa mwaka 2017, wewe ukatania kwamba mwandiko wangu unafanana na wa daktari. Kama umeuweka mahali salama, niambie. Kama umeuweka dhamana, niambie vilevile, hata kama ni vibaya. Kwenye kikoba chetu aliwahi kuja mwanasheria, akatueleza kwamba Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 hairuhusu mmoja wa wanandoa kuuza wala kuweka rehani nyumba wanayoishi bila ridhaa ya mwenzake. Sitaji sheria ili nikutishe. Naitaja ili ujue kwamba hata kama mtu amekushika, bado hujafungwa mikono na miguu, na nyumba ina watu wawili wa kuitetea.

Nami sina mikono safi. Kikoba kilipovunjwa Desemba nilikuambia nimepata 300,000. Nilipata 640,000. Zile nyingine zipo, nyingi yake, kwenye laini yangu ya zamani ambayo ulidhani imepotea. Nilianza kuzificha baada ya wewe kubadilisha namba, nikajiambia na mimi nijihami. Nimekaa nazo miezi miwili na hazijanipa raha hata siku moja. Ukitaka kunikasirikia kwa hilo, una haki, lakini unikasirikie tukiwa tumekaa.

Ninachoomba ni jioni moja. Jumamosi hii, kabla giza halijarudi na hujaanza tena kulala ziwani. Pacha nitawapeleka kwa shangazi yao Buhongwa tangu mchana, wamekwishafurahi, wanadhani ni kutembea tu. Tukae uani, simu zote mbili mezani. Njoo na kaunta buku hili na orodha ya kila unayedaiwa naye, hata wale wa elfu kumi. Mimi nitaleta kitabu cha kikoba, daftari la genge lenye madeni ya majirani (humo utacheka, nusu ya mtaa imo), na ile laini. Nitakuacha useme hadi mwisho bila kukukatisha. Ukiona nimeanza kupandisha sauti, niambie "Mama Kulwa, maji," nami nitaenda kunywa maji nirudi. Ila usichukue koti.

Wazee tusiwaite kwanza. Si mjomba wako, si mchungaji. Wakijua wao, Igombe nzima itajua.

Yule dada amepiga tena leo asubuhi. Nimemwambia mwenye deni ni mtu mzima, atapiga mwenyewe. Mpigie. Na kama unahitaji kupunguza kiasi kabla ya Jumamosi ili waache kunipigia gengeni, niambie nitoe kwenye zile zangu.

Sato yumo kwenye hotpoti, ugali nimeufunika kwa sahani ya bluu. Usimwachie paka mlango wa jikoni.

Ni mimi mkeo,
Mama Kulwa