Mtihani wa Sheria ya Ushahidi: Swali la Kwanza, Pamoja na Mwongozo wa Wasahihishaji

Shahada ya Sheria, mwaka wa pili, Kisumu. Muda: saa moja. Alama: 30. Swali hili ni la lazima.

Unaruhusiwa kuingia na nakala ya Sheria ya Ushahidi, Sura ya 80, isiyoandikwa chochote pembeni. Kutaja nambari ya kifungu peke yake hakukupi alama. Onyesha kifungu hicho kinayagusa vipi maneno ya shahidi. Wahusika wote ni wa kubuni.

Maelezo

Okoth ameshtakiwa katika Mahakama Kuu ya Kisumu kwa kumuua Otieno, mwendesha bodaboda, kinyume na kifungu cha 203 kikisomwa pamoja na cha 204 cha Kanuni ya Adhabu. Otieno alidungwa kisu usiku katika kichochoro cha Kondele, akafia hospitalini siku mbili baadaye. Shahidi wa kwanza ni Akinyi, muuza samaki mwenye kibanda karibu na kichochoro hicho. Akiongozwa na wakili wa mashtaka, alisema:

"Mheshimiwa Jaji, nilikuwa nakaanga ngege, wateja wamepungua. Nikasikia mtu analia kule kichochoroni, 'Okoth, mbona waniua?' Sauti niliijua, ni ya Otieno, alikuwa akila kwangu karibu kila jioni. Aliyemdunga sikumwona. Taa ya pale ilikuwa imeungua. Nilipofika nilimkuta amelala, ameshika tumbo. Tukampakia kwenye tuktuk. Njiani akaniambia, 'Dada, Okoth ndiye amenidunga. Ni yale mambo ya pikipiki. Lakini nitapona, usimwambie mama.'

"Asubuhi jirani yangu, Mama Pendo, aliniambia alimwona Okoth usiku uleule akiosha shati lenye damu bombani. Mama Pendo sasa amehamia Busia. Siku hiyo sikufungua kibanda, kwa sababu watu wa sokoni walisema vijana wa Okoth wanakuja kunichomea. Jioni Okoth mwenyewe akanitumia ujumbe kwa WhatsApp: 'Ukiulizwa, hukusikia kitu.' Niliupiga picha kwenye simu, mpwa wangu akaichapisha saiba. Karatasi ni hii."

Baadaye sajini aliyepeleleza kesi alianza kusema, "Mshtakiwa aliniambia kituoni kwamba ni yeye, ila Otieno ndiye aliyemwanza." Wakili wa utetezi akasimama kupinga.

Maswali

(a) Jadili kama maneno mawili ya Otieno, lile la kichochoroni na lile la kwenye tuktuk, yanaweza kupokelewa, na mahakama iyape uzito gani. (Alama 13)

(b) Wakili wa utetezi anapinga habari za Mama Pendo na maneno ya watu wa sokoni kwa hoja moja: "Yote ni ushahidi wa kuambiwa." Je, yuko sahihi kwa yote mawili? (Alama 8)

(c) Karatasi ya WhatsApp ipokelewe? (Alama 5)

(d) Mwandikie jaji uamuzi mfupi kuhusu pingamizi dhidi ya sajini. (Alama 4)

Mwongozo wa wasahihishaji

Tunachopima katika swali zima ni kitu kimoja: je, mwanafunzi anauliza maneno yameletwa mahakamani kuthibitisha nini? Kila mwaka tunasoma karatasi ambazo kila sentensi yenye "aliniambia" inatupwa nje papo hapo. Mwanafunzi wa namna hiyo, akiwa wakili kesho, atamzuia shahidi wake mwenyewe asiseme jambo ambalo sheria inaliruhusu. Mpe alama anayeuliza swali hilo hata kama jibu lake la mwisho si lako.

Katika (a), aanzie kifungu cha 63: ushahidi wa mdomo lazima uwe wa moja kwa moja. Akinyi anaweza kueleza alichosikia kwa masikio yake. Tatizo ni kwamba mashtaka yanataka mahakama iamini kilichomo ndani ya maneno yale, na aliyeyasema hawezi kuulizwa maswali na utetezi. Kwa hiyo utafutwe mlango. Kilio cha kichochoroni kina milango miwili: kifungu cha 6, kwa kuwa kilitoka wakati wa shambulio lenyewe na ni sehemu ya tukio, na kifungu cha 33(a), kwa kuwa kinahusu chanzo cha kifo cha msemaji. Maneno ya tuktuk yanaingia kwa 33(a). Nimeweka mtego hapa: "nitapona". Mwanafunzi aliyekariri sheria ya Uingereza ataandika kwamba kauli haikubaliki kwa sababu marehemu hakuwa amekata tamaa ya kuishi. Sheria yetu inasema wazi kwamba kauli hiyo hupokelewa awe alitarajia kufa au la. Anayenasa hapa asipewe zaidi ya alama 6 kwa sehemu hii. "Mambo ya pikipiki" yana ubishi wa haki: je, ni mazingira ya tukio lililomuua au ni ugomvi wa zamani tu? Upande wowote unafaa ukitetewa.

Uzito ndio wengi huusahau, na hapo ndipo kesi ya kweli hushindwa au hushinda. Natarajia kesi ya Pius Jasunga ya mwaka 1954, Mahakama ya Rufaa ya Afrika Mashariki: hakuna kanuni ya sheria inayodai ushahidi wa kuunga mkono, lakini kwa kawaida si salama kumtia mtu hatiani kwa kauli ya marehemu pekee, iliyotolewa mshtakiwa akiwa hayupo. Kisha arudi Kondele: taa imeungua. Otieno alimtambua vipi mshambuliaji? Kutaja jina mara mbili kunaonyesha aliamini ni Okoth. Hakuonyeshi kwamba aliona sawasawa. Anayeiona taa ile bila kusukumwa apewe alama 2 za ziada, bila kupita 13.

Katika (b), wakili ana haki nusu. Habari za Mama Pendo zinaletwa ili iaminike kwamba Okoth aliosha damu, na mwenyewe yuko hai Busia, safari ya saa chache kwa matatu. Aitwe. Mwanafunzi bora ataongeza kwamba hata Mama Pendo angekuwa hapatikani, hilo halitoshi: maneno yake lazima pia yaingie katika mojawapo ya aina zilizoorodheshwa kifungu cha 33, na hayaingii. Maneno ya sokoni ni tofauti. Yakiletwa kueleza tu kwa nini Akinyi alifunga kibanda, ukweli wake hauna maana. Kesi ya Subramaniam ya mwaka 1956, Baraza la Faragha, ndiyo inayoongoza. Lakini yasitumike kuthibitisha kwamba vijana walitumwa, na jaji anaweza kuuliza kibanda kufungwa kunahusiana nini na mashtaka yenyewe.

Katika (c), ujumbe ni wa mshtakiwa mwenyewe na unaonyesha mwenendo wake baada ya tukio, kifungu cha 8. Kinachokosekana ni cheti cha kifungu cha 106B kuhusu jinsi karatasi ilivyotolewa, na uthibitisho kwamba nambari ile ni ya Okoth. Anayesema karatasi itupwe moja kwa moja bila kufikiria kumwita mpwa apewe alama 3.

Katika (d), maneno ya sajini ni ungamo. Kifungu cha 25A hakimruhusu mpelelezi wa kesi kulipokea. Lilipaswa kutolewa mbele ya jaji, hakimu, au afisa mwingine wa polisi mwenye cheo kinachotakiwa, pamoja na mtu wa tatu aliyechaguliwa na mshtakiwa. Ibara ya 49 ya Katiba ya 2010 nayo inakataza kumlazimisha mtu kukiri, ingawa maelezo haya hayasemi kwamba Okoth alilazimishwa. Anayebuni mateso asipewe alama kwa hilo. Uamuzi uandikwe kwa sauti ya jaji, sentensi nne au tano: pingamizi limekubaliwa, sababu, na amri kwamba maneno hayo yasiingizwe kwenye kumbukumbu za kesi kama ushahidi.