Elfu Ishirini na Saba

Saa saba na robo usiku Neema alitumbukiza miguu kwenye beseni la maji ili asilale. Kutwa nzima alikuwa amesimama kaunta, duka la vifaa vya ujenzi Kariakoo, akihesabu hela za watu. Sasa hesabu zake mwenyewe zinamgomea. Ukurasa wa uchakavu ameshausoma mara nne, na kila akifika kwenye “thamani ya mabaki” kichwa kinadondoka.

Simu ikatetemeka.

“Dada’angu, mzigo upo. Mtihani wa asubuhi na majibu yake. Elfu themanini tu. Saa nane nafunga.”

Elfu themanini anayo, ila si yake. Ni ya kikoba cha wenzake wa dukani, imo kwenye simu hiyohiyo, na mweka hazina ni yeye. (Nani mwingine? Si ndiye msomi wa hesabu.) Akafunua daftari la kikoba. Upande wa krediti akaandika: Taslimu 80,000. Upande wa debiti kalamu ikabaki hewani. Aiite nini? Nauli? Shajara? Akaandika “Mkopo – Neema”, akakata.

“Nione kwanza,” akamjibu.

Ikaja picha. Ukurasa mmoja, mwandiko wa haraka, kona imezibwa na kidole gumba chenye kucha ndefu. Urari. Debiti 4,815,000. Krediti 4,788,000. Chini yake mtu kachomeka “Akaunti ya muda 27,000” pande zilingane, yaishe.

Neema akatoa mguu mmoja majini.

Elfu ishirini na saba inagawanyika kwa tisa. Mwalimu wao wa jioni hupiga meza kwa hilo: tofauti ikigawanyika kwa tisa, katafute tarakimu zilizopishana. Akaikuza picha, akapanda mstari kwa mstari. Mtaji, sawa. Mauzo, sawa. Wadai 436,000. Juu, kwenye maelezo ya swali: wadai 463,000.

Kicheko kikamtoka, akaziba mdomo. Mama mwenye nyumba amelala ukuta wa pili.

“Kaka, kwenye wadai umegeuza tarakimu.”

“Sista, unalipa hulipi?”

“Hiyo akaunti ya muda haitakiwi hapo. Ni kosa la kunakili.”

Kimya. Kisha: “Haya, hamsini.”

Hamsini ni rahisi kuificha kuliko themanini. Kidole chake kilikwenda hadi kwenye salio, kikatulia hapo, mpaka kioo chenyewe kikafifia na kuzima.

Akailaza simu kifudifudi. Akachukua rula, akaupiga mstari ule wa Taslimu, akasaini pembeni, maana daftari la kikoba halifutwi kwa raba. Asubuhi wenzake watauliza ni nini kile, na itabidi awaambie kitu.

Maji ya beseni yalikuwa yameshapata uvuguvugu. Akayamwaga, akateka mengine, akafungua uchakavu mara ya tano.